Nyakati za Vitenzi katika Maandishi ya Kitaalamu: Makala ya Kimondo Yapimwa

Mwalimu mmoja kijana wa Tunduma alituletea makala aliyoiandika kwa Kiswahili juu ya kimondo cha Mbozi, akatuomba tuisome kabla hajaipeleka kwa wachapaji. Tuliisoma mara mbili. Habari zake ni njema, na mwandishi amejitahidi kwenda mwenyewe mahali penyewe, kupima na kuuliza. Lakini vitenzi vyake havipatani. Msomaji akifika mwisho hajui ni jambo gani lilitendwa, ni lipi lililo kweli hata leo, ni lipi lilidhaniwa zamani likaachwa, wala ni lipi lililo rai ya mwandishi mwenyewe. Kosa hili si lake peke yake. Twaliona kila mwaka katika kazi za wanafunzi wa vyuo wanaoandika tasnifu zao kwa Kiswahili. Kwa hiyo tulimwomba ruhusa tulieleze hapa bila kutaja jina lake, naye akakubali kwa moyo mwema.

Wasomaji walio mbali yawapasa kwanza kujua kimondo chenyewe. Kiko katika kilima cha Marengi, wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe, ambao mwaka 2016 ulikatwa kutoka mkoa wa Mbeya. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, lenye urefu wa kama mita 3. Wenyeji walikijua tangu zamani, lakini wageni walipata habari zake mwaka 1930. Mwezi wa Desemba mwaka huo D. R. Grantham, mtaalamu wa miamba wa serikali, alikata kipande cha kama sentimita 10 kwa msumeno, na kazi hiyo ilimchukua saa 10, maana chuma kile ni kigumu kupita kiasi. Baadaye madini yake yalichunguzwa, yakaonekana kuwa sehemu kama 90 katika mia ni chuma, na sehemu nyingi za zile zilizobaki ni nikeli. Hayo ndiyo mambo ambayo mwalimu wetu alitaka kuyaeleza, akaongeza na uchunguzi wake mwenyewe.

Sasa tuitazame kanuni aliyoifuata. Alifundishwa chuoni, kwa Kiingereza, ya kwamba katika maandishi ya kitaalamu kazi iliyofanyika huandikwa kwa wakati uliopita, na jambo lililokwisha thibitika huandikwa kwa wakati uliopo. Kanuni hii ni ya kweli, tena ina maana yake. Robert Day, Mmarekani aliyetoa mwaka 1979 kitabu juu ya kuandika makala za sayansi, aliieleza hivi: jambo lililokwisha chapishwa na kukubaliwa ni mali ya wote, nalo hutajwa kwa wakati uliopo, kazi yako mwenyewe ya sasa bado haijakubaliwa na watu, basi itaje kwa wakati uliopita, kama habari ya tendo ulilolitenda. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwongozo wake hufuatwa katika vyuo vingi, kina desturi iliyo tofauti kidogo. Chenyewe chataka kazi za watu wengine zitajwe kwa wakati uliopita au kwa wakati timilifu, njia na matokeo yawe katika wakati uliopita, na hitimisho liwe katika wakati uliopo. Basi hata Waingereza na Wamarekani hawana sheria moja. Lakini wote wanakubaliana katika shina la jambo: wakati wa kitenzi humwambia msomaji ni nani adhaminiye neno lile, na kwa kadiri gani.

Kijana wetu alilishika neno la nje la kanuni, akaliacha shina. Tena aliichukua jinsi Kiingereza kinavyoitumia, akaitia katika Kiswahili bila kuuliza kama nyakati zetu zafanya kazi ile ile. Hapo ndipo alipopotea, nasi tutayataja makosa yake manne moja moja.

Kosa la kwanza liko katika ukurasa wa pili. Aliandika hivi: "Wataalamu waligundua kwamba kimondo kilikuwa ni cha chuma." Kwa Kiingereza sentensi ya namna hii haina neno, maana katika lugha ile kitenzi kikuu kikiwa katika wakati uliopita, kitenzi kinachokifuata huvutwa nyuma pamoja nacho, hata kama jambo lenyewe ni kweli mpaka leo. Kiswahili hakina desturi hiyo. Mtu akisema, "Jana mama alisema anaumwa," twaelewa kwamba aliumwa wakati ule ule aliposema. Akisema, "Alisema aliumwa," twaelewa kwamba maradhi yalikuwako kabla ya kusema kwake, na huenda amepona. Katika lugha yetu kitenzi cha pili huhesabu wakati wake kuanzia kitenzi cha kwanza, hakivutwi nacho.

Mwalimu mwenyewe alituambia kisa kilichomfungua macho. Aliwasomea wanafunzi wake ukurasa ule, na msichana mmoja akanyosha mkono akauliza: "Samahani, mwalimu, sasa je, si cha chuma tena?" Darasa lote likacheka, lakini msichana hakukosea hata kidogo. Alisikia Kiswahili jinsi kilivyo. "Kilikuwa ni cha chuma" humpa msikilizaji mashaka kwamba hali ile imekwisha. Sentensi iliyotakiwa ni hii: "Wataalamu waligundua kwamba kimondo ni cha chuma." Kugundua kulitendeka, kukaisha, chuma kiko palepale.

Mtu akitaka ushahidi kwamba hii ndiyo njia ya lugha yenyewe, asiende mbali. Asikilize wazee wanavyoleta methali. Husema, "Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka." Kusema ni kwa wahenga, nao wamekwisha kufa, kwa hiyo -li- yafaa. Lakini neno walilolisema ni la siku zote, kwa hiyo ni "haina". Hakuna mzee hata mmoja asemaye kwamba wahenga walisema haraka haraka haikuwa na baraka. Katika sentensi hiyo fupi imo kanuni yote ya kutaja maneno ya wengine: kitenzi cha mnenaji kina wakati wake, na kitenzi cha neno lililonenwa kina wake.

Vipi, basi, kuhusu kitenzi cha mnenaji? Tuseme "Grantham alieleza" au "Grantham anaeleza"? Katika tasnifu nyingi za Kiswahili za leo twaona "anaeleza", "anasema", "anadai", hata kama mwandishi anayetajwa amefariki miaka mingi. Hatuoni kosa hapo. Kitabu kingali mkononi, nacho chasema kila kifunguliwapo, kama tusemavyo kwamba barua yasema hivi au Maandiko yanena vile. Lakini tofauti moja yafaa ishikwe. Tukitaja hoja iliyoandikwa, tunayoweza kubishana nayo leo, "anaeleza" yafaa sana. Tukitaja tendo alilolitenda mtu siku fulani, mahali fulani, -li- ndiyo ya haki. Kijana wetu aliandika, "Grantham (1930) anakata kipande kwa msumeno." Tuliposoma tulidhani mzee yule bado yuko kilimani anatoka jasho. Hoja hubaki katika kitabu, msumeno haubaki.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa maana halihusu masikio tu, lahusu ukweli. Katika ukurasa wa nne aliandika: "Kimondo kina uzito wa tani 25." Katika ukurasa wa saba aliandika: "Kimondo kina uzito wa tani 16." Tulimwuliza ipi ni kweli. Akajibu kwamba zote mbili alizikuta katika vitabu, na kwa kuwa vitabu ni mambo yaliyothibitika, aliziweka zote katika wakati uliopo, kama kanuni isemavyo.

Hapo tulimketisha tukamweleza hivi. Kimondo hiki uzito wake hutafutwa kwa hesabu. Mtaalamu hupima urefu, upana na kimo chake, hukadiria ni mita za ujazo ngapi zilizomo, kisha huzidisha kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya chuma cha namna ile, ambao ni karibu tani 8. Kwa kuwa pande hili halina umbo la sanduku, bali limechongoka upande mmoja na kujaa mabonde, kukadiria ujazo wake ni kazi ngumu. Mtu akikadiria mita za ujazo 3 na kidogo, atapata tani 25. Akikadiria mita za ujazo 2, atapata tani 16. Makadirio ya kwanza yalikuwa tani 25. Hesabu za baadaye ziliteremka mpaka tani 16, na hizo ndizo zinazotajwa sasa.

Kwa hiyo kuchapishwa peke yake hakutoshi kumpa mtu ruhusa ya kuandika "kina". Anayeandika "kina uzito wa tani 25" amekwisha kuweka mkono wake juu ya neno lile; amesema, mimi nami nadhamini. Kama hadhamini, lugha imempa njia: "Hapo kwanza uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 25." Kwa -li- hiyo anamheshimu aliyetangulia, anatunza historia ya elimu, tena hamdanganyi msomaji. Kisha aendelee: "Hesabu za baadaye zimeupunguza, na sasa hukadiriwa kuwa tani 16." Hata hapo tumependa "hukadiriwa" kuliko "ni", kwa sababu neno "ni" lingemwambia msomaji kwamba kuna mtu aliyeiweka tani ya mwisho juu ya mizani.

Kwa kosa hilo hilo yafaa tuseme na kinyume chake, wasomaji wasije wakadhani kwamba kila lililothibitika lazima liwe katika wakati uliopo. Kwamba kimondo kilianguka kutoka mbinguni ni jambo lililothibitika, wala hakuna mtaalamu anayelikana. Lakini kuanguka ni tukio. Lilitokea mara moja likaisha. Basi twasema "kilianguka", na uhakika wetu haupunguzwi na -li- hiyo hata chembe. Wakati uliopo ni wa hali idumuyo na desturi irudiayo, kama "chuma huota kutu". Mwandishi na ajiulize maswali mawili, si moja: je, nalidhamini neno hili? Tena, je, ni hali au ni tukio?

Kosa la tatu limo katika sehemu ya njia za uchunguzi. Mwalimu alikuwa ameandika kwanza pendekezo la kazi yake, kama ilivyo desturi ya vyuo, na katika pendekezo vitenzi vyote ni vya -ta-, kwa kuwa kazi haijafanyika. Kisha alipokwisha kuifanya, alilichukua pendekezo akalibandika ndani ya makala, akabadili vitenzi vingine akasahau vingine. Matokeo yake ni sentensi kama hizi: "Mchunguzi alikwenda kilimani. Urefu utapimwa kwa kamba. Wanafunzi wa madarasa mawili watasailiwa. Majibu yao yalichambuliwa." Msomaji mwema atacheka. Mtahini hatacheka, atauliza kama urefu ulipimwa kweli na kama wanafunzi walisailiwa kweli, au kama majibu yaliyochambuliwa yalitoka hewani. Twamjua mwanafunzi mmoja ambaye tasnifu yake ilirudishwa kwa ajili ya -ta- za namna hiyo, na ilimgharimu muhula mzima, ingawa kazi aliifanya kwa uaminifu. Dawa yake ni ndogo: mtu akimaliza sura ya njia, aisome kwa sauti akiwa na kalamu, na kila "-ta-" aisimamishe aiulize imefuata nini pale.

Katika sehemu hiyo hiyo kuna jambo jingine ambalo si kosa kwa kanuni za vyuo, lakini sisi twalihesabu kuwa hasara. Baada ya kumsahihisha, mwalimu aliandika: "Urefu ulipimwa. Urefu ulilinganishwa na ule uliomo vitabuni. Tofauti iliandikwa." Kila sentensi ina -li- yake, kila moja imesimama peke yake kama nguzo za simu. Tulimwuliza: ulilinganisha kwanza au ulipima kwanza? Akashangaa, maana jibu ni dhahiri. Kwake ni dhahiri. Katika maandishi hakulionyesha. Kiswahili kina -ka-, ambayo kazi yake ni kufunga tendo na tendo lililolitangulia: "Urefu ulipimwa kwa kamba, ukalinganishwa na ule uliomo vitabuni, na tofauti ikaandikwa." Sasa msomaji anayetaka kuirudia kazi ile ajua hatua zake kwa mpangilio. Wengi wameiacha -ka- kwa kuidhania kuwa ni ya hadithi za sungura na fisi tu, na kwa kuwa Kiingereza hakina kitu kama hicho cha kutafsiriwa. Lakini njia ya uchunguzi ndiyo hadithi ya kweli ya mambo yaliyofuatana, na mahali ambapo mpangilio una maana, hatuoni chombo kilicho bora kuliko hicho. Pasipo na mpangilio, kama mtu alipima urefu na kimo bila kujali kipi kilitangulia, basi -ka- isitumike, kwa maana itasema uongo.

Kosa la nne ni la matokeo, nalo ndilo tulilobishana naye kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu aliwauliza wanafunzi wa madarasa mawili ya shule moja ya Tunduma kama wamewahi kukiona kimondo. Wachache tu walikuwa wamekiona, ingawa si mbali. Kisha akaandika: "Vijana wa Tunduma hawakijui kimondo chao." Tulimwambia kwamba hapo amepanda mlima kwa hatua moja. Alichokipata ni kwamba wanafunzi aliowauliza, siku ile, wengi walijibu kuwa hawajakiona. Hilo ni la -li-: "Wanafunzi wengi walijibu kwamba hawajakiona." Neno "hawakijui" limetoka katika madarasa mawili likawafunika vijana wote wa mji ule wa mpakani, pamoja na wale wanaosoma shule nyingine, wale wanaouza sokoni na wale waliokuja jana kutoka mikoa mingine. Tena limegeuza kutokuona kuwa kutojua, na hayo ni mambo mawili.

Yeye alijibu kwa hoja nzuri. Alisema kwamba katika tasnifu zote alizosoma ameona "matokeo yanaonyesha kwamba", si "yalionyesha". Ni kweli, nasi hatulipingi neno hilo. Matokeo yapo mezani. Yanaonyesha hata leo kwa kila ayatazamaye. Lakini linalofuata baada ya "kwamba" ndilo lenye hatari. "Matokeo yanaonyesha kwamba wanafunzi wengi waliosailiwa walikuwa hawajakiona kimondo": hii ni sentensi ya mtu mwaminifu. "Matokeo yanaonyesha kwamba vijana hawakijui kimondo": hii ni ya mtu aliyevuka kipimo chake. Kama anadhani jambo hilo lawezekana kuwa kweli kwa vijana wengine, mahali pa kulisema ni katika hitimisho, na aliseme kama dhana: "Huenda vijana wengi wa mji huu hawajakiona." Wakati uliopo wa kudumu hupatikana kwa kazi ya watu wengi waliorudia uchunguzi; mtu mmoja hajipi mwenyewe kwa kubadili silabi moja.

Yatubakia kusema juu ya -me- na kinyume chake, maana hapo Kiswahili kina utajiri ambao mwalimu wetu hakuutumia. Wengine hudhani kwamba -me- ni ya jambo la karibu na -li- ni ya jambo la zamani. Labda wadhani hivyo kwa sababu lugha nyingine za Kibantu hutenganisha jambo la leo na jambo la zamani kwa viambishi mbalimbali. Kiswahili hakifanyi hivyo. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliieleza -me- kuwa ya tendo lililotimia na hali iliyotokana nalo. Kwa hiyo "wataalamu wamekichunguza kimondo hiki" ni sawa hata kama uchunguzi ulikuwa wa mwaka 1930, kwa kuwa twautaja kama akiba tuliyo nayo sasa. Tukitaja mwaka, akiba yageuka kuwa tukio, nayo -li- hurudi: "Mwaka 1930 Grantham alikata kipande chake." "Mwaka 1930 Grantham amekata" ni kosa katika Kiswahili.

Na katika kukanusha tofauti ni kubwa zaidi. Mwalimu aliandika mwanzoni: "Jambo la vijana na kimondo halikuchunguzwa." Msomaji atauliza: halikuchunguzwa lini, na nani? Maana "halikuchunguzwa" husema kwamba katika kazi fulani iliyokwisha, jambo hilo liliachwa. Alilokusudia ni "halijachunguzwa", yaani mpaka leo bado, na lastahili kuchunguzwa. Hii -ja- ndiyo inayoonyesha pengo ambalo mtafiti anataka kulijaza. Ndani yake mna neno "bado" ingawa halikuandikwa. Lakini kwa sababu ina nguvu hiyo, ina deni pia. Anayeandika "halijachunguzwa" amedai kwamba ametafuta kila mahali asione. Kama alisoma vitabu vitatu tu, aseme ukweli wake kwa -li-: "Katika vitabu tulivyosoma hatukuona habari zake."

Baada ya mazungumzo hayo, mwalimu alikwenda akaiandika upya sehemu ya katikati. Twaiweka hapa kwa idhini yake:

"Wataalamu wamekichunguza kimondo cha Mbozi tangu mwaka 1930. Mwezi wa Desemba mwaka huo Grantham alikata kipande chake kwa msumeno, kazi iliyomchukua saa 10. Uchunguzi wa madini ulionyesha kwamba kimondo ni cha chuma pamoja na nikeli. Hapo kwanza uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 25. Hesabu za baadaye zimeupunguza, na sasa hukadiriwa kuwa tani 16. Sisi tulipima urefu wake kwa kamba, tukaulinganisha na ule uliomo vitabuni, tukaona kwamba hautofautiani sana. Kisha tuliwauliza wanafunzi wa madarasa mawili ya shule moja ya Tunduma. Wengi walijibu kwamba hawajakiona. Wanafunzi wa shule nyingine hawajaulizwa."

Msomaji na azitazame sentensi hizo polepole. Katika "wamekichunguza" mna akiba tuliyo nayo. Katika "alikata" mna tendo la mtu mmoja na siku yake. "Ulionyesha" na "ni" zimesimama pamoja bila kuvutana. "Ulikadiriwa" inamwachia wa kwanza neno lake, "zimeupunguza" inatuleta mpaka leo, na "hukadiriwa" inakiri kwamba mizani haikutumika. "Tukaulinganisha" yafuata "tulipima" kwa mpangilio wake. Na "hawajaulizwa" ya mwisho inasema mpaka wa kazi nzima. Hiyo hakuwa nayo katika maandishi ya kwanza. Mahali pake palikuwa na "hawakijui".

Alipoturudishia kurasa hizo alitueleza kwamba aliwasomea tena wanafunzi wake, na msichana yule wa kwanza alinyosha mkono mara ya pili. Safari hii aliuliza kwa nini wale wa shule nyingine hawajaulizwa, na kama yeye na wenzake waweza kwenda kuwauliza.